Jinsi ya kufupisha mfululizo mrefu wa barua pepe kuwa taarifa ya nusu ukurasa kwa mkurugenzi

Mkurugenzi akiuliza "suala la pampu limefikia wapi?", mtu anayetakiwa kumjibu mara nyingi ana barua pepe thelathini na kitu mbele yake, zilizoandikwa na watu watano ambao baadhi yao hawajawahi kuonana, na kila mmoja akijibu sehemu inayomhusu na kuziacha nyingine. Wengi huanza kwa kuchukua kila barua na kuifupisha kwa sentensi moja, kisha kuziunganisha sentensi hizo kwa mpangilio wa tarehe. Matokeo yake ni historia fupi ya mazungumzo, na mkurugenzi akimaliza kuisoma bado hajui afanye nini. Kazi ngumu hapa ni kubaini ni kauli ipi, kati ya zote zilizomo, ambayo bado ina nguvu leo. Mwongozo huu umejengwa juu ya kazi hiyo.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Shirika lenye ofisi Dodoma limeagiza kutoka nje pampu 12 za sola kwa ajili ya visima vya vijijini, kila moja kwa dola 4,000, yaani dola 48,000 kwa jumla. Asilimia 70 imekwishalipwa, na salio la dola 14,400 linatakiwa kabla muuzaji hajaachia hati ya shehena, ambayo bila hiyo kampuni ya meli haitoi mzigo. Mafundi wa kufunga pampu wanaanza kazi tarehe 1 Julai. Kuna barua pepe 38, za kuanzia tarehe 3 hadi 18 Juni, baina ya afisa manunuzi, mhandisi wa mradi, mhasibu, wakala wa forodha na muuzaji. Mkurugenzi amekuwa akipewa nakala tangu barua ya kumi na moja, lakini hajazisoma, na hana sababu ya kuzisoma. Leo ni Jumatano, tarehe 18 Juni, na wewe ndiye unayetakiwa kuandika.

Hatua ya kwanza: hakikisha una mfululizo wote

Kile unachokiona kwenye kioo kama mazungumzo mamoja huenda si mazungumzo yote. Gmail, kwa mfano, huanzisha mfululizo mpya pale mtu anapobadilisha kichwa cha barua, na pia pale barua zinapozidi 100 katika mfululizo mmoja. Vilevile mtu anaweza kujibu barua ya wiki mbili zilizopita badala ya ile ya mwisho, na hapo linaota tawi ambalo waliobaki kwenye shina hawalioni, hasa kama orodha ya wanaopewa nakala ilikuwa tofauti wakati ule. Kwa hiyo usiitegemee barua ya mwisho kubeba zote zilizotangulia chini yake. Tafuta upya kwenye sanduku lako kwa neno ambalo lazima liwepo, na kwa tarehe:

```
pampu after:2025/06/01 before:2025/06/19
has:attachment after:2025/06/01
```

Utafutaji wa pili ni wa viambatisho, na una umuhimu wake wa pekee, kwa sababu habari kubwa mara nyingi hufika ndani ya faili huku barua yenyewe ikisema tu "tafadhali ona kiambatisho". Katika mfano wetu ndivyo muuzaji alivyotuma orodha ya mzigo iliyosahihishwa: barua ya ishirini na moja, mstari mmoja, bila kutaja neno pampu wala idadi. Aliyesoma barua bila kufungua faili ameikosa habari inayobadilisha kila kitu.

Waulize pia wahusika wawili watatu kama kuna jambo walilokubaliana kwa simu au kwa ujumbe wa WhatsApp. Ofisi zetu huamua mengi kwa njia hizo, kisha barua pepe inayofuata huandikwa kana kwamba kila msomaji alikuwepo.

Hatua ya pili: andika swali la mkurugenzi kabla ya kusoma

Juu ya karatasi andika swali moja ambalo taarifa yako italijibu. Kwa mfano wetu: "Je, pampu zitafika kabla ya tarehe 1 Julai, na kuna lolote ninalotakiwa kuliamua ili zifike?" Swali hili litakusaidia unapokutana na barua sita mfululizo zinazobishana kuhusu nani alitakiwa kukagua nyaraka mwanzoni. Barua hizo zinaweza kuwa na ukweli mwingi, lakini hazigusi tarehe ya kufika wala uamuzi wowote wa leo, kwa hiyo unazisoma mara moja na kupita.

Hatua ya tatu: soma kuanzia ya zamani, na uandike hoja badala ya barua

Soma kwa mpangilio wa tarehe, kutoka ya kwanza kwenda ya mwisho, hata kama programu yako inaweka mpya juu. Usiandike mstari kwa kila barua. Andika mstari kwa kila hoja, yaani kila jambo ambalo linaweza kuwa kweli au si kweli na lina athari kwa swali lako. Barua moja inaweza kuzaa hoja tatu, na barua kumi zinaweza zisizae hata moja. Kila hoja ipe nani aliyeisema, lini, na ushahidi wake ni upi. Karatasi ya kawaida inatosha, na Excel inafaa pia. Sehemu ya jedwali la mfano wetu inaonekana hivi:

| Hoja | Aliyesema | Tarehe | Ushahidi |
|---|---|---|---|
| Orodha ya mzigo ina pampu 10, si 12 | Mhandisi | 5 Juni | Orodha ya kwanza |
| Salio lisilipwe mpaka tofauti ieleweke | Mhasibu | 10 Juni | Barua ya 16 |
| Pampu ni 12, orodha ya kwanza ilikosewa | Muuzaji | 12 Juni | Orodha iliyosahihishwa |
| Siku za bure kabla ya tozo ni 14 | Wakala | 13 Juni | Barua ya 24 |
| Siku za bure zinaisha kesho | Wakala | 16 Juni | Barua ya 30 |
| Salio halilipwi mpaka pampu mbili zionekane | Mhasibu | 18 Juni | Barua ya 38 |

Unapojaza safu ya tarehe, geuza kila "kesho", "wiki ijayo" na "mwisho wa mwezi" kuwa tarehe kamili palepale, ukihesabu kutoka siku barua ilipoandikwa. Wakala alipoandika tarehe 16 kwamba siku zinaisha kesho, alimaanisha tarehe 17, nayo imekwishapita. Angalia na saa pia: mwenzako akiandika "saa 4" ana maana ya asubuhi saa nne, wakati muuzaji wa ng'ambo akiandika 4:00 ana maana ya alasiri saa kumi, tena kwa saa za nchi yake. Barua moja ya benki iliyosomwa vibaya namna hii inaweza kupoteza siku nzima ya kazi.

Hatua ya nne: tafuta hoja zilizokufa na zile zinazogongana

Hapa ndipo taarifa nyingi huharibika, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Chukua kwanza hoja ya pampu mbili. Ukisoma barua ya mwisho tu, ile ya 38 ya leo asubuhi, utaandika kwamba pampu mbili hazipo na malipo yamezuiwa. Ndiyo kauli mpya kuliko zote, na imetoka kwa mtu mwenye mamlaka juu ya malipo. Lakini itazame vizuri barua yenyewe: imeandikwa kama jibu chini ya barua ya 16 ya tarehe 10 Juni, na ukifuatilia majina utaona kwamba kuanzia barua ya 17 mhasibu aliachwa nje ya nakala. Orodha iliyosahihishwa ya tarehe 12 hajawahi kuiona. Kauli yake ni mpya kwa tarehe, lakini imesimama juu ya habari ya zamani. Kwa hiyo kanuni ya "ya mwisho ndiyo sahihi" haitoshi. Kwa kila kauli mpya jiulize: mwandishi wake alikuwa ameona nini alipoandika? Njia ya kulijua hilo ni kutazama vitu viwili tu, orodha ya waliopewa nakala na maandishi yaliyonukuliwa chini ya jibu lake.

Kwa upande mwingine, orodha iliyosahihishwa haiui kabisa wasiwasi wa mhandisi. Imetolewa na muuzaji yuleyule aliyetoa orodha ya kwanza, na hakuna mtu wa shirika aliyehesabu pampu hizo. Mhandisi, katika barua ya 36, alifanya jambo la maana: alilinganisha uzito ulioandikwa kwenye hati ya shehena na uzito wa pampu moja mara kumi na mbili, akakuta unalingana. Huo ni ushahidi wa ziada, ingawa uzito wa kwenye hati hutokana na maelezo ya mwenye kusafirisha. Hoja sasa iko hivi: muuzaji anasema 12, uzito unaunga mkono 12, hesabu ya macho bado. Inabidi iandikwe hivyohivyo, bila kuipandisha wala kuishusha.

Sasa tazama siku za bure. Barua ya 24 inasema 14, barua ya 30 inaonyesha kuwa ni 5 tu. Mwandishi mwenye haraka atachukua ile ya baadaye na kuitupa ya kwanza, au ataandika "siku 5 hadi 14", ambayo haimsaidii mtu. Ukweli ni kwamba zote mbili ni sahihi, kwa sababu kuna saa mbili zinazohesabu kwa wakati mmoja. Moja ni ya kampuni ya meli, inayotoza kwa kukaa na kontena lake. Nyingine ni ya bandari, inayotoza kwa mzigo kukaa kwenye eneo lake. Katika mfano wetu kampuni ya meli imetoa siku 14 tangu kontena liliposhushwa Ijumaa tarehe 13 Juni, yaani mpaka Alhamisi tarehe 26, na bandari imetoa siku 5, yaani mpaka tarehe 17. Tozo ya bandari imekwishaanza leo. Wakala anazijua zote mbili kama anavyojua jina lake, ndiyo maana hakuona haja ya kuzitofautisha. Kila mara namba mbili zinapogongana, kabla ya kuamua ipi ni kosa, uliza kama zinapima kitu kimoja.

Ukimaliza, piga mstari juu ya hoja zilizokufa. Usizifute, kwa kuwa kuna mtu atakayeuliza kesho, na utahitaji kumwonyesha ni barua ipi iliyozibatilisha.

Hatua ya tano: tenga kilichofanyika, kilichoahidiwa na kinachodhaniwa

Kiswahili cha ofisini kina maneno ya heshima ambayo hufunika mpaka huu. "Tunalishughulikia" haisemi kama kazi imeanza. "Liko kwenye mchakato" haisemi nani amelishika. "Imeamuliwa" haina mwenye kuamua, na "imeonekana" haina aliyeona. Maneno haya yanapita katika barua za kila siku kwa sababu wasomaji wanafahamiana, lakini yakiingia kwenye taarifa ya mkurugenzi yanageuka kuwa uhakika ambao hakuna aliyeutoa. Muuzaji alipoandika kwamba hati ya shehena "itaachiwa mara moja" baada ya kuona uthibitisho wa benki, hiyo ni ahadi ya muuzaji ya tarehe 16 Juni. Ukiandika "hati itaachiwa Ijumaa", umeigeuza ahadi yake kuwa ahadi yako.

Pitia jedwali lako na ubadilishe kila kitenzi cha aina hiyo kiwe na mtenda na wakati: "wakala amewasilisha orodha mpya forodhani tarehe 17 Juni", "muuzaji ameahidi kwa maandishi tarehe 17 Juni kuleta pampu zitakazopungua kwa gharama yake". Palipo na kitenzi ambacho huwezi kukipa mtenda hata baada ya kurudi kwenye barua zote, hapo una swali la kuuliza, na bado hujapata sentensi ya kuandika.

Hatua ya sita: piga simu mbili

Baada ya hatua zilizotangulia maswali yaliyobaki huwa machache, na barua pepe ya thelathini na tisa siyo mahali pake. Piga simu. Kwa mhasibu: "Samahani kukusumbua, ile orodha ya tarehe 12 ilikufikia?" Akisema hapana, mtumie wakati huohuo, na umsubiri aisome kabla ya kumuuliza msimamo wake. Katika mfano wetu anasoma orodha, anasoma na barua ya mhandisi kuhusu uzito, kisha anasema hana pingamizi tena, ila kiasi hicho kinazidi kiwango anachoruhusiwa kuidhinisha mwenyewe. Hapo ndipo uamuzi wa mkurugenzi unapojitokeza kwa mara ya kwanza, na hakuna barua hata moja kati ya 38 iliyoutaja.

Kwa wakala uliza mambo mawili: tangu hati iachiwe, anahitaji siku ngapi za kazi kulitoa kontena, na tozo zote mbili ni kiasi gani kwa siku. Anajibu siku 4 za kazi, dola 60 kwa kampuni ya meli na dola 20 kwa bandari. Andika majibu pamoja na saa uliyopiga, halafu mtumie kila mmoja ujumbe wa mstari mmoja unaorudia alichokisema, ili kama umesikia vibaya akusahihishe kabla taarifa haijaondoka.

Hatua ya saba: hesabu tarehe kurudi nyuma

Anza na siku ambayo jambo baya linatokea, kisha rudi nyuma. Siku ya mwisho ya bure ya kampuni ya meli ni Alhamisi 26 Juni. Wakala anahitaji siku 4 za kazi, yaani tarehe 23, 24, 25 na 26, kwa hiyo hati iwe imeachiwa Ijumaa tarehe 20. Ili iachiwe Ijumaa, muuzaji awe ameona uthibitisho wa benki Alhamisi tarehe 19, na ili benki itoe uthibitisho siku hiyo, mhasibu apate idhini kabla ya saa 6 mchana. Hiyo ndiyo tarehe ya mkurugenzi. Tarehe 26 ni ya wakala, na tarehe 1 Julai ni ya mafundi. Taarifa inayompa mkurugenzi tarehe ya mwingine inampa nafasi ambayo kwa kweli hana.

Fanya na hesabu ya upande wa pili. Idhini ikitoka Jumatatu tarehe 23, hati itaachiwa tarehe 24, siku nne za kazi zitakuwa tarehe 25, 26, 27 na 30, na kontena litatoka bandarini Jumatatu tarehe 30, siku moja tu kabla ya mafundi kuanza. Hizo ni siku 4 zaidi, za tarehe 27 hadi 30, kwa dola 80 kila siku, jumla dola 320. Fedha hizo ni kidogo ukilinganisha na mafundi ambao watakuwa wamefika vijijini bila pampu za kufunga, na mkurugenzi anastahili kuliona hilo kwa uwiano wake.

Hatua ya nane: andika, ukianza na unachokiomba

Waliofanya kazi serikalini wanalijua dokezo sabili, ambalo kwa desturi huanza na mada, likaeleza chimbuko, likafika kwenye hali ya sasa, na mwishoni ndipo ombi. Mpangilio huo unafaa kwa jalada, kwa sababu jalada litasomwa na watu wengi kwa miaka mingi. Kwa taarifa ya barua pepe inayosomwa kwenye simu baina ya vikao viwili, nashauri uugeuze: ombi na tarehe yake vitangulie, hata kwenye kichwa cha barua, na chimbuko libaki na sentensi mbili tu. Heshima ya uandishi haipungui kwa kufanya hivyo.

Hii hapa taarifa ya mfano wetu:

> Yah: Pampu 12 za visima: ombi la idhini ya dola 14,400 kabla ya saa 6 mchana, Alhamisi 19 Juni
>
> Ndugu Mkurugenzi,
>
> Naomba idhini yako ya kulipa salio la dola 14,400 kwa muuzaji wa pampu kabla ya saa 6 mchana kesho, Alhamisi tarehe 19 Juni.
>
> Kontena lilishushwa bandarini Dar es Salaam tarehe 13 Juni. Muuzaji ameahidi kuachia hati ya shehena akiona uthibitisho wa benki, na wakala anahitaji siku 4 za kazi baada ya hapo.
>
> Tukilipa kesho, kontena linatarajiwa kutoka tarehe 26 Juni na mafundi wataanza tarehe 1 Julai kama ilivyopangwa. Tozo ya bandari, iliyoanza leo, itakuwa dola 180. Tukilipa Jumatatu tarehe 23, litatoka tarehe 30, gharama itaongezeka kwa dola 320, na mafundi watachelewa kuanza.
>
> Jambo moja halijathibitika. Orodha ya kwanza ya mzigo ilionyesha pampu 10. Muuzaji ameisahihisha kuwa 12, na uzito kwenye hati ya shehena unalingana na 12, lakini hatutazihesabu mpaka kontena lifunguliwe. Muuzaji ameahidi kwa maandishi kuleta zitakazopungua kwa gharama yake. Pampu mbili zina thamani ya dola 8,000.
>
> Mhasibu na mhandisi wameridhia malipo haya. Nimeambatisha orodha iliyosahihishwa na ahadi ya muuzaji.
>
> Naomba kuwasilisha.

Tazama kilichoachwa. Kosa la kumtoa mhasibu kwenye nakala halimo, kwa kuwa limekwisharekebishwa na kulitaja kungemfanya mkurugenzi ashughulike na watu badala ya malipo. Kama linajirudia, litafutiwe siku yake na mahali pake. Marekebisho ya nyaraka forodhani hayamo, kwa sababu yamekamilika na hayadai chochote. Mabishano ya nani alitakiwa kukagua hayamo. Lakini shaka ya idadi ya pampu imebaki, na imepewa aya yake, pamoja na thamani yake kwa dola. Kishawishi cha kuiondoa ni kikubwa, kwa sababu inaonekana kulidhoofisha ombi. Mkurugenzi akitia sahihi bila kuijua, halafu kontena likafunguliwa na kukutwa pampu 10, atakuwa ametia sahihi jambo ambalo watu wanne walilijua naye hakuambiwa.

Urefu ni kama maneno 170 pamoja na kichwa. Ukiona yako imefika mara mbili ya hapo, mara nyingi sababu ni kwamba kuna hoja mbili zinazodai uamuzi tofauti, na inafaa zitumwe kama taarifa mbili zenye vichwa viwili.

Hatua ya tisa: kabla na baada ya kutuma

Anza barua mpya. Usibonyeze kitufe cha kusambaza mbele ule mfululizo ukaweka taarifa yako juu yake, kwa kuwa barua 38 zitaning'inia chini, zikiwa na bei, maneno ya hasira ya mtu aliyechoka, na pengine nyaraka ambazo si kila anayepewa nakala anaruhusiwa kuziona. Ambatisha faili mbili ambazo uamuzi unazitegemea, basi.

Soma tena kila namba ukiwa umeifungua nyaraka yake pembeni, usisome kutoka kwenye jedwali lako, kwa sababu kosa la kunakili litakuwa limeingia huko kwanza. Halafu mtumie mhasibu na mhandisi sentensi inayosema kwamba wameridhia, waione kwa macho yao kabla mkurugenzi hajaiona. Mhasibu akitaka kuongeza neno, liongeze. Sentensi inayomsemea mtu ndiyo inayovunja imani upesi kuliko kosa la tarehe.

Jedwali lihifadhi. Taarifa ya pili haitahitaji kusoma mfululizo upya, itahitaji kuangalia ni mistari ipi imebadilika, na iandikwe kwa kuanza na mabadiliko hayo: "Malipo yalifanyika tarehe 19 Juni saa 5 asubuhi, hati ya shehena iliachiwa tarehe 20, na wakala bado anatarajia kulitoa kontena tarehe 26." Mstari wa idadi ya pampu utaendelea kukaa upande wa yaliyoahidiwa, hata baada ya kontena kutoka bandarini na kufika Dodoma, mpaka mtunza stoo azihesabu na kutia sahihi hati ya kupokelea mzigo. Nakala ya hati hiyo ndiyo kiambatisho cha taarifa ya tatu.